Kadi ya mama isiyoomba mchango



Wapendwa vijana, huku Tunduma ukiletewa kadi ya sendofu, kitu cha kwanza unachokagua ni kiasi. Kadi kwetu ni mchango. Kamati imeshakaa, bei ya mtu mmoja na ya wawili imeshapangwa, na mweka hazina atakupigia simu mpaka uzime. Sisemi ni vibaya. Aliyechangiwa jana naye anachanga leo, ndivyo tunavyobebana. Lakini leo naomba tusome kadi ya aina nyingine, ambayo haikuchapwa kwa ajili ya wageni.

Iliandikwa na mama mmoja wa hapa kwetu, mjane, muuza mchele wa Kamsamba sokoni, na mwana WAWATA. Binti yake wa kwanza alikuwa anaolewa na kijana Mzambia, fundi wa magari wa Mpika. Kwa msiojua jiografia yetu, kutoka Tunduma kwenda Nakonde ni kuvuka tu, na tangu mwaka 2019 kuna kituo cha pamoja cha mpakani. Mpika ni mbele zaidi, mamia ya kilomita ndani ya Zambia, unapita njia ya Isoka. Si mahali ambapo mama anaweza kusema jioni nitapitia kukuona. Sendofu ilifanyika huku, ndoa ikafungwa parokiani kwa bwana harusi.

Mama alinunua kadi ya maua dukani, ya kawaida kabisa. Ndani palikuwa padogo, akaongezea karatasi ya daftari na kuikunja mara mbili. Akampa binti usiku wa kuamkia sendofu, jikoni, watu wengine wamelala. Baadaye wote wawili walikubali niitumie hapa, ila majina yaondolewe. Naiweka kama ilivyo.

*Mwanangu,*

*Kesho watu watashika maiki na kusema mengi. Mimi nitasema kidogo maana najijua nitalia. Ndiyo maana nimekuandikia.*

*Kwanza, sikufukuzi. Mtu asikwambie kwamba sasa huna kwenu. Unakwenda kwako, na hapa panabaki kwenu. Kitanda chako atalalia mdogo wako, ila ukija atahama.*

*Asubuhi kabla hawajaja wapambaji nitakuwekea ishara ya msalaba kwenye paji la uso, kama nilivyokuwa nafanya ukienda shule ya bweni. Nitaiweka mara mbili. Moja ni ya baba yako.*

*Hapa mkwe wangu naye asome. Baba, nakukabidhi huyu mtoto mbele za Mungu. Kibemba hajui, ndugu Mpika hana. Wewe ndiye utakuwa ndugu yake wa kwanza. Usimpe sababu ya kujuta kwamba alivuka mpaka.*

*Mwanangu, mama mkwe wako umwahi kwa salamu. Salamu yao ya asubuhi ni mwashibukeni, ifanyie mazoezi. Jikoni kwake usiseme "kwetu huwa tunafanya hivi" mpaka upite angalau nusu mwaka.*

*Kuna mambo ya kuvumilia. Kukoroma, mboga kuungua, kazi ya gereji kuwa haba, wifi mwenye maneno. Hayo msiniamshe, yaongeeni na myasalie. Na kuna mambo siyo ya kuvumilia. Akikupiga, akikufungia ndani, akikunyang'anya pasipoti, nipigie hata saa nane usiku. Usisubiri mara ya pili.*

*Pasipoti na cheti cha kuzaliwa nimeviweka kwenye bahasha ya kaki, chini ya vitenge. Ukae navyo wewe mwenyewe. Kwenye kadi hii kuna kwacha za nauli ya basi kutoka Mpika mpaka Nakonde. Nimewauliza wa stendi, nikaongeza kidogo. Siyo hela ya mafuta ya kupaka. Ukizitumia kuja Krismasi, zirudishie. Nikija kusikia baada ya miaka kwamba bado zipo ndani ya kadi, nitatoa misa ya shukrani.*

*Saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Saa tatu usiku nikiwa kwenye rozari, kwenu ni saa mbili, pengine unasonga ugali. Jumatatu na Jumamosi nitakutaja kwenye tendo la pili la furaha, Mama Maria alipokwenda kwa Elizabeti, maana naye alisafiri mbali na kwao.*

*Mungu akubariki. Baba na Mwana na Roho Mtakatifu.*

*Mama yako.*

Nilipoisoma mara ya kwanza nilikumbuka mama mmoja wa kwenye Biblia ambaye hatumhubiri sana. Anaitwa Edna, yumo katika kitabu cha Tobiti. Wengi wetu kitabu hicho tunakijua kwa sala ya Tobia na Sara usiku wa ndoa yao, maana husomwa sana kwenye misa za harusi. Mama mzazi wa Sara tunampita.

Hali ya Edna ilikuwa ngumu kuliko ya mama yetu wa sokoni. Binti yake alikuwa ameshaozwa kwa wanaume 7, na wote wakafa usiku wa kwanza. Sasa anakuja wa 8. Sura ya 7 inasema Edna aliambiwa atayarishe chumba, akatandika kitanda, akampeleka Sara humo, akalia juu yake. Kisha akajifuta machozi, akamtia moyo na kumwombea furaha mahali pa huzuni. Usiku huohuo, sura ya 8, baba mtu, Ragueli, akachimbisha kaburi kwa siri, endapo na huyu atakufa. Hii ni familia iliyokuwa inaoza binti huku imeogopa. Sasa sisi tukiona mama wa bibi harusi analia tunamwambia "nyamaza, leo ni siku ya furaha". Mwacheni alie. Edna alilia kwanza, akafuta, ndipo akabariki.

Tobia akasalimika, wakala karamu siku 14, na kwenye sura ya 10 ikafika siku ya kuondoka. Hapo ndipo sendofu yenyewe. Ragueli anatoa nusu ya mali yake. Anambariki mkwe, anamwambia Sara awaheshimu wakwe zake kama wazazi. Na Edna? Hebu ifungue usome mwenyewe anazungumza na nani. Anamgeukia Tobia. Anamwambia kwamba anamkabidhi binti yake mbele ya Bwana, na kwamba asimhuzunishe siku zote za maisha yake.

Hapo nakaa kidogo. Kwenye kicheni pati zetu, kuanzia saa tisa mchana mpaka usiku, nani anafundwa? Bibi harusi peke yake. Aamke mapema, anyamaze mume akikasirika, asimnyime, asitoe siri za ndani. Bwana harusi siku hiyo yupo na washkaji anapima suti. Maandiko yanatuonyesha mama ambaye neno lake la mwisho, lile zito kabisa, anampa mwanaume, na anampa mbele za Mungu ili Mungu awe shahidi. Mama yetu wa sokoni hakuwa amesoma Tobiti, nilimuuliza. Lakini alifanya vilevile. Mistari michache kwenye kadi ya binti, "hapa mkwe wangu naye asome". Na kijana aliisoma. Binti anasema aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena.

Kaka zangu mnaosoma hapa, mkiwa mnajiandaa kuoa, msingoje mama mkwe aandike. Nendeni mkamwombe maneno yake. Tobia alipewa Sara kwa mkono wa baba, lakini hakuondoka kabla mama hajasema.

Sasa kuhusu ile ishara ya msalaba. Vijana wengi hudhani baraka ni kazi ya padri, na mzazi akisema "Mungu akubariki" ni adabu tu. Siyo hivyo. Katekisimu namba 1669 inafundisha kwamba kila mbatizwa ameitwa awe baraka na kubariki, na ndiyo sababu walei nao wanaweza kuongoza baadhi ya baraka. Kitabu cha Baraka cha Kanisa, kilichotolewa Roma mwaka 1984, kina utaratibu kabisa wa wazazi kuwabariki watoto wao, na mzazi anaruhusiwa kumchora mtoto ishara ya msalaba kwenye paji la uso. Humo humo kuna baraka ya wachumba, na mzazi anaweza kuiongoza. Hahitaji stola wala maiki. Mama mjane hapungukiwi kitu kwa sababu baba hayupo.

Ukitaka kufanya nyumbani kwenu, ni rahisi. Kaeni wachache, someni kipande kifupi cha Neno, hata hiyo Tobiti 10. Mzazi aseme kwa maneno yake anachomwombea mtoto, kisha achore msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba, kwa maji ya baraka kama yapo. Dakika 10 zinatosha. Ila fanyeni mapema, kabla vipodozi havijapakwa. Nacheka, lakini nimeona mama amekatazwa na mpambaji kumgusa mwanawe usoni. Na msisubiri ukumbini. Pale ukumbini mshereheshaji ana ratiba yake, na machozi ya mama yanawekewa muziki.

Tuje kwenye sehemu iliyoleta mjadala nilipoisoma kadi hii kwa vijana wetu. Dada mmoja aliuliza, hivi mama Mkatoliki anaweza kumpa binti nauli ya kurudi siku ya kumwaga? Si ni kama kumwombea ndoa ivunjike? Kaka mwingine akaongeza kwamba ndoa ni msalaba, mtu avumilie.

Ni swali la haki, maana Kanisa halina mzaha na kifungo cha ndoa. Ndoa halali ya wabatizwa ikishakamilika, hakuna wa kuivunja. Lakini Kanisa hilohilo lina kanuni ya 1153 katika Sheria zake. Inasema kwamba mwanandoa akimweka mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya roho au mwili, au akiyafanya maisha ya pamoja kuwa mazito kupita kiasi, amempa mwenzake sababu halali ya kuondoka. Kwa kawaida askofu ndiye anayeruhusu. Lakini kama kuchelewa ni hatari, mtu anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Yaani usiku ule wa hatari hutafuti kwanza barua. Papa Fransisko naye katika Amoris Laetitia, namba 241, mwaka 2016, alieleza kwamba kuna nyakati ambapo kutengana hakuepukiki, na wakati mwingine ni wajibu wa kimaadili, pale ambapo ni lazima kumwondoa aliye dhaifu au watoto wadogo wasiumizwe.

Muelewe vizuri mipaka yake. Kutengana huku siyo talaka. Kifungo kinabaki, hakuna ruhusa ya kuolewa na mwingine, na sababu ikiisha wanandoa wanatakiwa kurudiana, isipokuwa mamlaka ya Kanisa imeamua vingine. Kwa hiyo aliyeondoka usiku aende kwa paroko wake mapema, aeleze, ashauriwe. Lakini kuondoka penye kipigo siyo dhambi, na anayemwambia dada "rudi ukavumilie" wakati jicho limevimba hasemi kwa niaba ya Kanisa.

Ndiyo maana nampenda mama huyu kwa jinsi alivyotenganisha. Hakumwambia binti vumilia yote, wala hakumwambia ukikasirishwa panda basi. Wifi mwenye maneno ameingizwa upande wa kuvumilia. Kazi haba pia. Upande wa pili ameweka mambo matatu tu, na yote yanaonekana kwa macho: kupigwa, kufungiwa, kunyang'anywa pasipoti. Binti akiwa amechanganyikiwa, mbali na kwao, hatahitaji kujiuliza kama jambo lake "limefikia kiwango". Limeandikwa.

Hilo la pasipoti wengine waliliona dogo. Kwa mtu wa mpakani siyo dogo hata kidogo. Binti akiolewa Vwawa au Mlowo na mambo yakaharibika, anapanda gari anarudi. Akiwa Mpika bila hati ya kusafiria, atafika Nakonde akiwa na hofu mbili, ya alikotoka na ya dirisha la uhamiaji. Kwa hiyo mtu anayeificha hati ya mke wake, hata kama anasema "nakutunzia", amefunga mlango bila kutumia funguo. Wachumba mnaoolewa ng'ambo, ongeeni hili mapema, kila mmoja atunze hati zake, na nakala iachwe kwa wazazi. Mume mwema hataumia. Huyu wa Mpika aliposoma mstari wa bahasha ya kaki aliuliza kitu kimoja tu, kama nakala imeshapigwa.

Kuna karatasi nyingine ambayo mama hakuiandika kwenye kadi, ila aliifuatilia mwenyewe, na wengi wenu hamjawahi kuisikia. Ukibatizwa, jina lako linaandikwa kwenye daftari la ubatizo la parokia, na daftari hilo linakufuata maisha yote. Ndiyo maana kabla ya ndoa paroko anadai cheti kipya cha ubatizo, siyo kile cha zamani mlichokifungia kabatini. Kipya kinaonyesha kilichoongezwa ubavuni mwa jina lako: kipaimara, na kama uliwahi kufunga ndoa. Baada ya harusi, kanuni ya 1122 inataka ndoa iandikwe siyo tu pale ilipofungwa, bali pia kwenye daftari la ubatizo. Ikifungwa parokia nyingine, paroko wa huko anapaswa kupeleka taarifa haraka kwa paroko wa ulikobatizwa.

Kwenye ndoa za ndani ya jimbo hili huwa halisumbui sana. Kwenye ndoa za kuvuka mpaka, taarifa inaweza kupotea njiani, na hamtajua mpaka siku mtu anahitaji cheti na kukuta anasomeka bado hajaolewa. Namna ya kujua ni rahisi: miezi michache baada ya harusi, nenda ofisi ya parokia ulikobatizwa, au mtume mzazi, muombe katibu aangalie ubavuni mwa jina lako.

Mama wa sokoni alikwenda mwezi wa tatu. Katibu akafungua daftari, jina la binti lipo, kipaimara kipo, ndoa haipo. Akampigia mkwe wake. Kumbe parokia ya huko ilishaandika barua mapema na kumkabidhi bwana harusi ailete atakapokuja Tunduma, na barua ilikuwa imelala kwenye droo ya gari chini ya spana. Kijana alicheka, akaomba radhi, wiki iliyofuata wakaja wote wawili. Kwacha za kwenye kadi hazikuguswa, mume ndiye aliyelipa nauli.

Katibu aliandika mbele yao: tarehe, mahali, jina la mume. Mama akaomba ausome ukurasa. Akaweka kidole kwenye jina la binti yake, lililoandikwa kwa wino wa zamani mwaka aliobatizwa, akakisogeza taratibu mpaka kwenye wino mpya wa ubavuni. Kisha akamuuliza mkwe wake kama amekula.